Sura ya Tano: Lisansi Si Leseni

Lulimba iko tambarare, njiani kutoka Fizi kwenda Misisi, mahali ambapo malori ya wafanyabiashara na pikipiki za wachimba dhahabu hupishana kwenye vumbi. Kuna hospitali pale, na vijiji vinavyoizunguka vina vituo vya afya vilivyo chini ya zone ya afya ya Kimbi-Lulenge. Katika vituo hivyo mtu anayekupokea, anayekupima, anayekuandikia dawa na anayezalisha mama usiku kwa mwanga wa tochi mara nyingi si daktari. Ni muuguzi. Wanakijiji humwita munganga, na karatasi za Leta humwita infirmie titulere.

Tangu mwaka 1996, vita vilipowasukuma watu wa Fizi kuvuka ziwa hadi Kigoma na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa huko Kasulu, wauguzi wa namna hii wamekuwa miongoni mwa wanaovuka. Wengine walibaki kambini, wengine walielekea Nairobi au Kampala, na wengine walipata nafasi ya kuhamishiwa Marekani. Kila mmoja alibeba bahasha yenye diploma ndani ya mfuko wa plastiki, na wengi wao waligundua kwamba anayeipokea bahasha hiyo anaielewa vibaya, ama kwa kuipunguza ama kwa kuizidisha. Kuizidisha ndiko kunakoniogopesha zaidi, kwa sababu mwenye karatasi huonekana mdanganyifu kabla hajafungua mdomo.

Katika sura hii nitamfuata muuguzi mmoja. Ni mtu wa mfano, nimemjenga kutokana na njia ambayo wengi wameipita, na nitamwita Mama Muuguzi tu. Alisoma shule ya msingi miaka sita na sekondari miaka sita. Miaka minne ya mwisho ya sekondari aliisoma katika ITM, shule ya ufundi wa tiba, na mwaka 2006 akatoka na cheti cha A2. Akafanya kazi miaka mitatu. Kisha akaingia ISTM, taasisi ya juu ya ufundi wa tiba, akasoma miaka mitatu mingine, na mwaka 2012 akapata graduwa, yaani A1. Kuanzia hapo hadi 2021 aliongoza kituo cha afya karibu na Lulimba. Sasa yuko Nairobi, anatafuta kazi.

Ugumu wake wa kwanza unatokana na lugha aliyodhani ingemsaidia. Yeye na mwajiri wake wote wanasema Kiswahili, na kila mmoja anaamini amemwelewa mwenzake. Lakini shule za Kongo ziliachiwa majina yake na Wabelgiji na za Kenya na Waingereza, na majina hayo yanafanana kwa sura huku yakitofautiana kwa maana. Chukua diploma ya Leta. Kongo ni cheti cha kumaliza sekondari, kile ambacho mtoto anapata baada ya mtihani wa taifa wa darasa la mwisho, na alama ya kufaulu ni asilimia 50. Nairobi au Dar es Salaam, diploma ni stashahada: mtu amemaliza sekondari, akaenda chuoni, akasoma miaka miwili au mitatu. Mkongomani akiandika kwenye maombi kwamba ana “diploma ya serikali”, amesema ukweli mtupu kwa lugha ya kwao. Anayesoma anaona kiwango cha chuo. Siku karatasi zinapopelekwa kukaguliwa na jibu likirudi kuwa hiki ni cheti cha sekondari, hakuna atakayemuuliza kama alikusudia.

Graduwa inapotosha kwa njia hiyohiyo. Ni miaka mitatu baada ya sekondari, chini ya lisansi, lakini msomaji wa Afrika Mashariki anaposikia neno hilo anamfikiria gradueti, mhitimu wa shahada ya chuo kikuu. Na lisansi yenyewe ndiyo mbaya kuliko zote. Kwa mfumo wa zamani wa Kongo lisansi ilikuwa miaka miwili juu ya graduwa, jumla miaka mitano ya chuo kikuu. Kifaransa na Kiingereza vinaliandika neno hilo kwa herufi zilezile, na Kiingereza kinamaanisha leseni, ruhusa ya kufanya kazi. Mazungumzo kama haya si ya kubuni sana:

“Madam, hapa umeandika una lisense ya uuguzi. Naomba nione leseni yenyewe.”

“Ndiyo hii, mama. Nimeisoma miaka mitano.”

“Hii ni karatasi ya chuo. Nauliza leseni ya baraza.”

Wote wawili wana haki, na wote wawili wanaondoka wakidhani mwenzake hajui anachosema.

Lisansi imeongeza utata mwingine hivi karibuni. Kongo ilianza kuhamia mfumo wa LMD, ule unaofuatwa na nchi nyingi za Ulaya, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mfumo huo umeenea katika vyuo vyake. Katika LMD lisansi ni miaka mitatu na masta ni miwili. Kwa hiyo neno lilelile kwenye karatasi mbili zilizotolewa kwa miaka tofauti linaweza kumaanisha miaka mitano au mitatu. Mwenye lisansi ya mwaka 2010 asipotaja mwaka na muda wa masomo, anaweza kupoteza miaka miwili ya maisha yake kwenye meza ya mkaguzi.

Kabla hatujarudi kwa Mama Muuguzi, niseme neno kuhusu walimu, kwa sababu wao wanaumia kimyakimya. Mkuu wa shule ya sekondari Kongo huitwa prefe. Mtu ameongoza shule yenye walimu thelathini kwa miaka kumi, anaandika cheo chake kama kilivyo, na mwajiri wa Kenya anasoma “prifekti”, yaani kiranja. Nimewahi kuona mtu mzima akieleza kwa sauti ya chini kwamba hakuwa mwanafunzi. Neno lake ni mkuu wa shule, basi.

Njia ya kutoka kwenye mtego huu ni kuhesabu miaka. Majina ya vyeti huyaachi, lakini huyategemei. Anza darasa la kwanza, hesabu hadi karatasi ya mwisho, kisha hesabu vivyo hivyo kwa mtu wa nchi unakokwenda. A2 ya Mama Muuguzi ni 6 na 6, jumla 12. A1 yake ni 12 na 3, jumla 15. Mkenya aliyepita mfumo wa 8-4-4 alisoma msingi miaka 8 na sekondari 4, jumla 12, kisha stashahada ya uuguzi miaka mitatu au zaidi kidogo, jumla 15. Huyo Kenya anaitwa muuguzi aliyesajiliwa wa afya ya jamii, na waajiri wanamjua kwa herufi KRCHN. Tanzania hesabu inashuka kidogo: msingi 7, kidato cha nne miaka 4, stashahada 3, jumla 14. Kwa miaka, basi, A1 ya Kongo inakaa sawa na stashahada ya Afrika Mashariki. Haifiki shahada, na haishuki kuwa cheti cha chini.

A2 peke yake ni habari nyingine. Inaisha mwaka wa 12, na katika miaka hiyo hiyo mtoto alikuwa anamaliza sekondari na kujifunza uuguzi kwa wakati mmoja. Nchi nyingi hazina kitu kinachofanana nayo kabisa. Kenya inakaribia zaidi ngazi ya muuguzi aliyeandikishwa, ile iliyo chini ya aliyesajiliwa, na hata hapo inaweza kuonekana fupi. Najua hili linawaumiza watu waliozalisha mamia ya watoto kwa A2 yao. Lakini anayewashauri waiite stashahada anawapeleka kwenye aibu.

Hesabu hii ni ya kujiandaa tu. Yenye nguvu ni ile itakayofanywa na chombo cha nchi husika, na hapa watu huchanganya vyombo viwili. Kimoja kinapima karatasi, kingine kinatoa ruhusa ya kugusa mgonjwa. Kenya, mamlaka ya taifa ya sifa za elimu, KNQA, ndiyo inayotambua na kulinganisha vyeti vya nje, na Baraza la Uuguzi la Kenya ndilo linalosajili wauguzi. Tanzania, vyeti vya sekondari vinalinganishwa na Baraza la Mitihani, NECTA. Vya vyuo vya kati na NACTVET. Vya vyuo vikuu na TCU. Na usajili wa muuguzi uko kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Barua ya kulinganisha haikufanyi muuguzi. Inasema tu kwamba ulichosoma kinalingana na hiki cha kwetu. Baraza ndilo litakaloamua kama unahitaji mtihani, muda wa mazoezi chini ya usimamizi, au masomo ya kuziba pengo.

Watu wengi waliniuliza kama Kongo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakukufuta haya yote. Kwa muuguzi, hapana. Jumuiya ina makubaliano ya kutambuana kwa taaluma kadhaa, zikiwemo za wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo, na hata hayo yanapitia bodi za taaluma za kila nchi. Ruhusa ya kufanya kazi nayo ni mlango mwingine. Sheria ya wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 na ile ya Uganda ya mwaka 2006 zinamruhusu mkimbizi kufanya taaluma yake, lakini zote mbili zinaweka sharti moja: sifa zake ziwe zimetambuliwa na mamlaka husika. Kwa hiyo kila njia inarudi kwenye bahasha ile.

Na ndani ya bahasha mara nyingi kuna kasoro ambayo mwenyewe haioni. Kongo diploma yenyewe huchukua miaka kutoka, kwa sababu lazima ithibitishwe na wizara Kinshasa. Kwa muda huo mtu anabeba atestasio, karatasi ya muda inayosema amefaulu, na anaweza kufanya kazi nayo miaka kumi bila mtu kumuuliza. Nje ya nchi atestasio ni ahadi ya cheti. Mkaguzi atauliza cheti kiko wapi. Atataka pia orodha ya alama kwa kila mwaka, na ataitaka itoke chuoni moja kwa moja katika bahasha iliyofungwa kwa muhuri. Hilo limekuwa gumu zaidi tangu Februari 2025, Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23, kwa maana vyuo vingi ambavyo watu wa Fizi walisomea viko huko.

Alama nazo zina mtego wake. Mama Muuguzi alimaliza graduwa na asilimia 64, na karatasi inasema “satisfaksio”. Kongo ni matokeo ya mtu aliyefanya kazi. Asilimia 70 tayari inaitwa distinksio, na wachache wanaifikia. Mmarekani aliyezoea asilimia 90 kuwa alama ya juu na 60 kuwa mwisho wa kufaulu atamwona mwanafunzi dhaifu. Mkaguzi mzoefu analijua hili. Mwajiri halijui, na kwa hiyo kwenye wasifu wa kazi sipendekezi kuandika asilimia peke yake. Andika daraja kama lilivyo, kisha eleza kwa maneno machache kwamba kufaulu kunaanzia 50 na distinksio inaanzia 70.

Jina pia litazame. Mkongomani ana jina, posinomu na prenomu, utaratibu uliozaliwa na siasa za Mobutu za miaka ya 1970. Karatasi ya kambi au ya shirika la wakimbizi ina nafasi mbili tu, na aliyeandika alichagua yake. Diploma inaanza na jina la babu, kitambulisho kinaanza na la ubatizo, na tarehe ya kuzaliwa imegeuka kuwa tarehe 1 Januari. Tofauti kama hizi zinasimamisha jalada kwa miezi. Tiba yake ni kiapo kimoja mbele ya wakili au hakimu, kinachotaja namna zote jina lilivyoandikwa na kusema ni mtu mmoja, na nakala yake iambatanishwe kila mahali tangu mwanzo, kabla haijaulizwa.

Kisha kuna tafsiri. Karatasi za Kifaransa zinatakiwa kwa Kiingereza, na wafasiri wengi wenye nia njema huharibu kazi hapa. Anaona “graduwa” anaandika “digrii”, kwa kuwa anataka kumsaidia dada yake. Kazi ya mfasiri ni kuacha jina la cheti lilivyo, kulieleza kwa maneno ya Kiingereza pembeni ikibidi, na kutafsiri kila kitu kingine: majina ya masomo, saa, mihuri, hata maandishi ya mkono yaliyo pembezoni. Kulinganisha ngazi ni kazi ya mkaguzi. Tafsiri ikilinganisha, mkaguzi anaitilia shaka yote, na ana haki.

Sasa cheo chake. Hapa ndipo naona kazi ya kutafsiri inapohitaji akili zaidi, kwa sababu hakuna neno moja la Afrika Mashariki linalombeba. “Infirmie titulere” likitafsiriwa neno kwa neno linakuwa muuguzi mwenye cheo, na halimwambii mwajiri chochote. Tukitazama kazi, alikuwa msimamizi wa kituo, ambaye Tanzania angeitwa mfawidhi. Lakini pia alikuwa anafanya konsulta: anamsikiliza mgonjwa, anafuata odinogramu, zile chati za wizara zinazokuongoza kutoka dalili hadi matibabu, anaandika dawa, anaamua nani apelekwe hospitali. Kenya na Tanzania kazi hiyo ni ya tabibu, taaluma nyingine yenye chuo chake na isiyosajiliwa na baraza la wauguzi. Akijiita tabibu atakuwa amedai leseni asiyo nayo. Akijiita muuguzi tu, miaka tisa ya kuamua peke yake usiku itapotea.

Jibu ni kuacha cheo kiseme ngazi, na kazi iseme ukubwa. Wasifu wake wa kwanza ulikuwa na mstari mmoja: “Infirmie titulere, kituo cha afya, 2012 hadi 2021.” Tuliuandika upya hivi: “Muuguzi msimamizi wa kituo cha afya cha vijijini, zone ya afya ya Kimbi-Lulenge, Kivu Kusini, Kongo, 2012 hadi 2021, cheo cha asili, infirmie titulere. Aliongoza wafanyakazi wa kituo, alipokea na kutibu wagonjwa wa nje kwa kufuata miongozo ya wizara, alizalisha kwa kutumia patografu, alisimamia chanjo na mnyororo wa baridi, alituma wagonjwa wa rufaa hospitali ya Lulimba, na aliandaa ripoti ya kila mwezi iliyoingizwa katika mfumo wa DHIS2.”

Kila neno pale limechaguliwa. “Kwa kufuata miongozo ya wizara” linaeleza kwa nini muuguzi alikuwa anatibu, bila kumvika koti la tabibu. “Patografu” na “mnyororo wa baridi” ni maneno ambayo muuguzi mkuu wa hospitali yoyote Nairobi anayatambua papo hapo kuwa ya mtu aliyefanya kazi hiyo kweli. Na DHIS2 ni zawadi: Kongo, Kenya na Tanzania zote zinautumia mfumo huo kwa takwimu za afya, kwa hiyo ni stadi moja isiyohitaji tafsiri yoyote. Cheo cha asili kimebaki, ili anayepiga simu Fizi kuuliza alikuwa nani apate jibu linalolingana na karatasi.

Tukiongeza idadi, iwe anayoweza kuithibitisha kwa rejista: wazazi wangapi kwa mwezi, wafanyakazi wangapi chini yake. Asiyekumbuka asikisie.

Njia ya Marekani, ambayo ndugu zake wengi wa Nyarugusu wameifuata, inauliza swali gumu zaidi. Kule kuna muuguzi aliyesajiliwa, RN, anayepita mtihani wa NCLEX-RN. Chini yake muuguzi wa vitendo, LPN. Na chini kabisa msaidizi, CNA, anayefundishwa kwa wiki chache. Wengi waliokuwa wanaongoza vituo wanaanzia hapo chini, wakiwageuza wazee vitandani, kwa sababu kodi ya nyumba haisubiri. Anayetaka kupanda atahitaji ripoti ya ukaguzi wa kila somo, kama zile za shirika lililojulikana kwa miaka mingi kama CGFNS, lililoanzishwa mwaka 1977 kwa ajili ya wauguzi kutoka nje. Mpango wake wa cheti unadai kwamba sekondari uliyomaliza iwe tofauti na masomo ya uuguzi. Mwenye A2 peke yake anakwama hapo, maana sekondari yake ndiyo uuguzi wake. Mama Muuguzi anapita, kwa sababu A1 yake ilikuja baada ya miaka 12. Huo ndio uzito wa miaka mitatu ya ISTM: chumba alichopanga, karo aliyolipa kwa kuuza mihogo, vyote vinahesabiwa pale.

Ripoti hiyo inatafuta saa za darasani na saa za staji katika uuguzi wa watu wazima, wa uzazi, wa watoto na wa afya ya akili. Orodha za alama za Kongo mara nyingi zinaonyesha uzito wa somo bila saa zake, na staji ya afya ya akili ndiyo inayokosekana kirahisi kwa mtu aliyesomea mbali na hospitali kubwa. Hapo daftari la staji, lile lenye sahihi za wasimamizi kwa kila wodi, linaweza kukisaidia chuo kuandika barua ya saa. Wengi waliliacha nyumbani wakaokoa diploma.

Baraza la nje litataka pia uthibitisho kwamba kwenu uliruhusiwa kufanya kazi, na litautaka kutoka kwa mamlaka, si kutoka kwako. Kongo ilipata Odre ya wauguzi kwa sheria ya mwaka 2016 tu, na wengi wa Fizi walifanya kazi kwa barua ya kupangiwa ya idara ya afya ya jimbo, hawakuwahi kujiandikisha. Mama Muuguzi alijiandikisha akiwa tayari Nairobi, kupitia mwenzake aliyebaki Baraka, kwa nakala za picha za simu. Ilichukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Mwenzake huyo sasa anakusanya za kwake kabla hajahitaji: namba ya Odre, bahasha tatu zenye muhuri wa chuo ambazo hazijafunguliwa, na daftari la staji, vyote ndani ya ndoo yenye mfuniko, mbali na maji.